Imebalansi, Lakini Imekosewa: Namna ya Kuhakiki Mgawo wa Faida ya Ubia

Katika hesabu nyingi, jumla za pande mbili zikilingana mtu hushusha pumzi na kufunga daftari. Kwa akaunti ya ugawaji wa faida ya ubia, jumla kulingana hakuthibitishi mambo mengi, na sababu imo ndani ya akaunti yenyewe. Mstari wake wa mwisho, ule wa faida iliyobaki kwa ajili ya wabia, hupatikana kwa kutoa. Unachukua faida halisi ya mwaka, unaondoa riba ya mitaji, unaondoa mishahara ya wabia, kinachosalia ndicho kinachogawanywa. Kwa hiyo ukizidisha riba ya mmoja kwa shilingi laki mbili, masalio nayo yatapungua kwa laki mbili zile zile, na akaunti itafunga bila kulalamika.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwanafunzi anafika mwisho, anaona amebalansi, kisha anafungua majibu nyuma ya kitabu na kukuta tarakimu nyingine kabisa. Karani wa duka anawapelekea wabia karatasi iliyofunga vizuri, halafu mmoja wao anauliza kwa nini fungu lake limekuwa dogo. Wote wawili hurudia hesabu kwa njia ile ile waliyoipita mwanzo, na mara nyingi hulirudia na kosa. Ipo njia bora zaidi: kuhakiki kutoka upande wa pili, na kuzisoma tofauti zenyewe, kwa sababu kila aina ya kosa huacha alama yake.

Vitu vitatu vinavyogawa faida

Mbia si mwajiriwa wa duka. Yeye ni mmoja wa wenyewe, na chochote anachopata mwisho wa mwaka kinatoka katika faida. Lakini wabia hawaleti vitu vinavyofanana. Mmoja ameweka fedha nyingi na haonekani dukani, mwingine ameweka kidogo lakini ndiye anayefungua milango asubuhi na kuifunga usiku. Wakigawana faida kwa hesabu moja tu, mmoja wao atanung'unika. Mkataba wa ubia hutatua hilo kwa hatua tatu. Riba ya mtaji humlipa mtu kwa fedha alizoziweka. Mshahara wa mbia humlipa kwa kazi anayoifanya. Baada ya hapo, kinachobaki hugawanywa kwa uwiano waliokubaliana, na uwiano huo huo ndio watakaobebea hasara.

Kwa hiyo riba ya mtaji na mshahara wa mbia si gharama za biashara kama kodi ya pango au umeme. Ni njia za kugawa faida ambayo tayari imeshapatikana. Gharama huondolewa katika akaunti ya faida na hasara, kabla ya kufika kwenye faida halisi. Riba ya mtaji na mshahara wa mbia huondolewa baadaye, katika akaunti ya ugawaji. Anayeishika tofauti hiyo ameshaepuka kosa moja kubwa, ambalo tutalikuta mbele.

Duka la watu watatu

Tuchukue mfano wa kubuni. Asha, Baraka na Chausiku wana duka la vifaa vya ujenzi, na mwaka wao wa hesabu unaanza tarehe 1 Januari na kuisha tarehe 31 Desemba. Siku ya kwanza ya mwaka Asha ana mtaji wa shilingi 20,000,000, Baraka 12,000,000 na Chausiku 8,000,000. Tarehe 1 Julai Baraka anaongeza mtaji wa shilingi 4,000,000. Mkataba wao una masharti matatu: riba ya mtaji ni asilimia 10 kwa mwaka, kwa kufuata muda ambao fedha zimekaa ndani ya biashara; Chausiku, anayesimamia duka, ana mshahara wa shilingi 500,000 kwa mwezi; na faida au hasara inayobaki inagawanywa kwa uwiano wa 3:2:1, Asha akiwa na 3, Baraka 2 na Chausiku 1. Faida halisi ya mwaka ni shilingi 18,000,000.

Tuanze na riba. Ya Asha ni asilimia 10 ya milioni 20, yaani 2,000,000. Ya Chausiku ni 800,000. Ya Baraka ina sehemu mbili: milioni 12 zilizokaa mwaka mzima zinampa 1,200,000, na milioni 4 zilizokaa miezi 6 kati ya 12 zinampa 200,000, jumla 1,400,000. Riba zote tatu ni 4,200,000. Mshahara wa Chausiku kwa miezi 12 ni 6,000,000. Vyote viwili vinafika 10,200,000, na ukiviondoa katika milioni 18 inabaki 7,800,000.

Uwiano wa 3:2:1 una mafungu sita. Ukigawa 7,800,000 kwa sita, fungu moja ni 1,300,000. Asha anapata mafungu matatu, Baraka mawili, Chausiku moja. Matokeo yote ni haya:

| | Asha | Baraka | Chausiku | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Riba ya mtaji | 2,000,000 | 1,400,000 | 800,000 | 4,200,000 |
| Mshahara | – | – | 6,000,000 | 6,000,000 |
| Faida iliyobaki | 3,900,000 | 2,600,000 | 1,300,000 | 7,800,000 |
| Jumla ya kila mbia | 5,900,000 | 4,000,000 | 8,100,000 | 18,000,000 |

Akaunti ya kwenye kitabu haipangwi hivi, lakini jedwali la namna hii ndilo linalofaa kwa uhakiki, kwa sababu linamwonyesha kila mbia peke yake. Ukisoma kwenda kulia unapata jumla ya kila aina ya malipo, ukishuka chini unapata jumla ya kila mtu, na kona ya mwisho lazima iwe faida halisi.

Kupima kwa fungu

Kona hiyo ikilingana na faida halisi, umethibitisha kwamba hukukosea kujumlisha. Si zaidi ya hapo. Kipimo chenye nguvu zaidi ni kurudi kinyumenyume kutafuta thamani ya fungu moja kwa kila mbia.

Chukua jumla ya mbia, ondoa riba na mshahara wake, kisha gawa kwa idadi ya mafungu yake. Asha: 5,900,000 ukiondoa 2,000,000 ni 3,900,000, gawa kwa 3, unapata 1,300,000. Baraka: 4,000,000 ukiondoa 1,400,000 ni 2,600,000, gawa kwa 2, unapata 1,300,000. Chausiku: 8,100,000 ukiondoa 6,800,000 ni 1,300,000, na mafungu yake ni moja tu. Wote watatu wamekubaliana juu ya thamani ya fungu. Kama mmoja angetoa tarakimu tofauti, kungekuwa na kosa.

Sharti lake ni moja: riba na mshahara unaoviondoa katika kipimo hiki uvikokotoe upya kutoka kwenye masharti ya mkataba, usivinakili kutoka kwenye jibu unalolihakiki. Ukivinakili, kipimo kitalirudia kosa na kukuambia kila kitu ni salama.

Tuone inavyofanya kazi. Tuseme mtu amekokotoa riba ya Baraka kwa milioni 16 kwa mwaka mzima, akisahau kwamba milioni 4 ziliingia Julai. Anampa Baraka riba ya 1,600,000. Masalio yanakuwa 7,600,000, nayo yakigawanywa yanatoa 3,800,000 kwa Asha, 2,533,333 kwa Baraka na 1,266,667 kwa Chausiku. Jumla kuu bado ni 18,000,000. Imebalansi barabara.

Sasa pima fungu kwa riba sahihi. Jumla ya Baraka katika jibu hilo ni 4,133,333. Ondoa 1,400,000, gawa kwa 2: unapata 1,366,666 na ushei. Jumla ya Asha ni 5,800,000. Ondoa 2,000,000, gawa kwa 3: unapata 1,266,667. Mafungu yamepishana, na anayetofautiana na wenzake ni Baraka. Hujui bado kosa ni nini, lakini unajua limekaa katika mistari ya nani.

Katika maswali ya mitihani kuna dalili nyingine ndogo. Watunga maswali hupenda masalio yanayogawanyika vizuri kwa mafungu. Ukiona senti zisizokwisha, rudi nyuma kabla ya kuandika jibu. Hiyo ni dalili tu, si ushahidi, na katika duka la kweli haina maana yoyote, kwa sababu faida ya kweli haichagui tarakimu nzuri.

Tofauti zinasema nini

Ukiwa na majibu ya kitabu, au hesabu ya mtu mwingine ya kulinganisha, usikimbilie kuanza upya. Andika tofauti ya kila mbia, jibu lako ukiondoa lile jingine, halafu ziangalie zote kwa pamoja.

Katika kosa la Julai tulilolitazama, Asha amepungukiwa 100,000, Chausiku amepungukiwa 33,333, na Baraka amezidi 133,333. Mmoja amezidi, wengine wawili wamepungukiwa, na waliopungukiwa wamepungukiwa kwa uwiano wao, 3 kwa 1. Hii ndiyo alama ya kosa katika riba au mshahara wa mbia mmoja. Aliyezidi ndiye mwenye kosa. Ukubwa wa kosa hupatikana kwa wale wasiohusika: Asha ana mafungu 3 kati ya 6, kwa hiyo alichopoteza ni nusu ya kosa, na kosa lote ni 200,000. Sasa jiulize ni kitu gani katika mistari ya Baraka kina thamani ya 200,000. Ni asilimia 10 ya milioni 4 kwa nusu mwaka. Umelifikia bila kurudia hesabu nzima.

Kosa la mshahara hujitokeza vivyo hivyo, ila kwa kishindo. Mwanafunzi akiandika mshahara wa Chausiku kuwa 500,000 badala ya 6,000,000, masalio yanapanda hadi 13,300,000 na Asha anapata jumla ya 8,650,000. Amezidi kwa 2,750,000. Nusu ya kosa hiyo. Kosa lote ni 5,500,000, yaani mshahara wa miezi 11 uliosahauliwa. Tarakimu yenyewe inakutajia jina lake.

Alama ya pili ni pale wabia wote wanapozidi au wanapopungukiwa kwa pamoja, kwa uwiano ule ule wa kugawana faida. Hapo usiguse riba wala mshahara. Kilichokosewa ni faida halisi uliyoanza nayo. Mfano wake wa kawaida ni huu: karani wa duka ameulipa mshahara wa Chausiku kila mwezi na kuuweka pamoja na mishahara ya wauzaji katika akaunti ya faida na hasara. Faida halisi inayotokea ni 12,000,000. Anayeandaa mgawo haoni hilo, anauondoa mshahara mara ya pili, na masalio yanakuwa 1,800,000. Asha anapata 2,900,000, Baraka 2,000,000, Chausiku 7,100,000. Ukilinganisha na mgawo sahihi, Asha amepungukiwa milioni 3, Baraka milioni 2, Chausiku milioni 1: uwiano kamili wa 3:2:1. Jumla ya mapungufu ni milioni 6, ambayo ni mshahara wa mwaka mzima. Dawa yake ni kuurudisha mshahara huo kwenye faida, ifike milioni 18, kisha kuuondoa mara moja tu katika akaunti ya ugawaji.

Mkopo wa mbia huleta alama hiyo hiyo, ila kwa kinyume. Mbia akiikopesha biashara fedha zaidi ya mtaji wake, riba ya mkopo huo ni gharama kama ya mkopeshaji mwingine yeyote, na inapaswa kuondolewa kabla ya faida halisi. Ikisahauliwa kabisa, wabia wote watazidi kwa uwiano wao wa kugawana. Ikiwekwa katika akaunti ya ugawaji kana kwamba ni riba ya mtaji, shilingi anazopata kila mtu zinaweza kutoka sawa, lakini faida halisi inayotangazwa itakuwa kubwa kuliko ilivyo, na msahihishaji ataiona.

Alama ya tatu ni ya hila zaidi. Tuseme mtu amegawa masalio kwa uwiano wa mitaji ya mwanzo wa mwaka, 20 kwa 12 kwa 8, yaani 5:3:2. Anapata 3,900,000 kwa Asha, 2,340,000 kwa Baraka na 1,560,000 kwa Chausiku. Jumla ya masalio haijabadilika, na fungu la Asha ni sahihi kabisa, kwa sababu 5 kati ya 10 na 3 kati ya 6 zote ni nusu. Anayehakiki kwa kumtazama mbia wa kwanza tu atalipitisha jibu hili. Baraka amepungukiwa 260,000, na Chausiku amezidi 260,000 zile zile. Riba ziko sawa, mshahara uko sawa, masalio yako sawa, ila vipande vyake tu havijakaa. Ukiona hivyo, kosa liko katika uwiano. Kipimo cha fungu kingelikamata mara moja: Asha 1,300,000, Baraka 1,170,000, Chausiku 1,560,000.

Njia hii ya kusoma tofauti ina mpaka wake. Inafanya kazi vizuri kosa likiwa moja. Makosa yakiwa mawili, alama zao huchanganyikana na huenda hata zikafutana kwa mbia mmoja. Tofauti zisipofuata umbo lolote kati ya haya, dhania makosa mawili, sahihisha lile lililo wazi, kisha linganisha tena.

Faida isipotosha

Sehemu inayowatisha wengi ni pale riba na mishahara vinapozidi faida yenyewe. Tuseme duka lilipata faida halisi ya shilingi 9,000,000 tu, masharti mengine yakibaki yale yale. Riba na mshahara ni 10,200,000. Ukitoa, unapata hasi 1,200,000. Hakuna kosa hapo. Baada ya wabia kupewa riba na mshahara wao, kimebaki hasara ya 1,200,000, nayo inagawanywa kwa 3:2:1: Asha anabeba 600,000, Baraka 400,000, Chausiku 200,000. Asha anaondoka na 1,400,000, Baraka na 1,000,000, Chausiku na 6,600,000, na jumla ni 9,000,000.

Kosa la kawaida hapa ni kuisoma hasara hiyo kama faida na kuwaongezea wabia badala ya kuwapunguzia. Asha anapata 2,600,000, Baraka 1,800,000, Chausiku 7,000,000, na jumla inakuwa 11,400,000. Imezidi faida halisi kwa 2,400,000. Ukikuta jumla imezidi, gawa ziada kwa mbili. Hapa unapata 1,200,000, na hiyo ndiyo tarakimu iliyowekwa upande usio wake. Ni sheria ya zamani ya watunza vitabu: kitu kikiingizwa upande wa krediti badala ya debiti, tofauti hutokea mara mbili ya kitu chenyewe.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanafunzi wanaosomea vitabu vya nchi tofauti. Vitabu vinavyofuata desturi ya Uingereza, ambavyo vimeenea Afrika Mashariki, huwapa wabia riba na mshahara kamili kisha hugawa hasara inayobaki, kama tulivyofanya. Vitabu vya India kwa kawaida hufundisha kwamba, isipokuwa mkataba umesema vingine, riba ya mtaji na mishahara hutolewa kutokana na faida iliyopo tu. Ikiwa haitoshi, faida yote hugawanywa kwa kulinganisha na stahili za kila mmoja. Kwa njia hiyo, milioni 9 zingegawanywa kwa 2,000,000, 1,400,000 na 6,800,000: Asha angepata kama 1,764,706, Baraka 1,235,294, na Chausiku 6,000,000. Majibu mawili tofauti, na yote yana hoja. Kabla ya kusema kitabu kimekosea, tazama kinafuata desturi ipi.

Mkataba ukikaa kimya

Wapo wabia wanaoanza biashara kwa kushikana mikono tu. Swali la mtihani nalo huweza kukaa kimya kwa makusudi. Hapo mhakiki hana ruhusa ya kubuni uwiano "wa haki" kwa kuangalia mitaji. Sheria ina majibu yake. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambacho vitabu vingi vya uhasibu hukitegemea, kinasema kwamba pasipo makubaliano faida na hasara hugawanywa sawasawa, mbia hana haki ya mshahara kwa kazi ya ubia, mtaji hauna riba kabla ya faida kujulikana, na fedha ambazo mbia ameziingiza zaidi ya mtaji aliokubali zina riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Kwa biashara ya kweli, mtu afungue sheria ya nchi yake: Kenya ina Sheria ya Ubia ya mwaka 2012, na Tanzania Bara masharti ya ubia yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Duka letu lingekuwa halina mkataba, milioni 18 zingegawanywa kwa watatu na kila mmoja angepata 6,000,000. Asha angeongezewa 100,000 tu. Baraka angeongezewa 2,000,000. Chausiku, aliyekaa dukani mwaka mzima, angepoteza 2,100,000. Kwa hiyo katika swali lolote, kabla ya kuzidisha hata tarakimu moja, orodhesha kilichokubaliwa na kisichotajwa. Mtaji ulioandikwa bila asilimia ya riba hauna riba.

Baada ya mgawo

Jibu haliishii katika akaunti ya ugawaji. Kila tarakimu iliyotolewa humo lazima ionekane upande wa krediti wa akaunti ya mbia husika, ile inayopokea stahili zake na kuonyesha alichochukua. Tuseme akaunti hiyo ya Chausiku ilianza mwaka bila salio. Inapokea riba 800,000, mshahara 6,000,000 na faida 1,300,000. Ikiwa alikuwa akichukua 500,000 taslimu kila mwezi, milioni 6 hizo huingia upande wa debiti, na salio lake la mwisho wa mwaka ni 2,100,000. Fedha alizochukua hazibadilishi hata shilingi moja ya mgawo. Zinabadilisha tu kiasi ambacho bado anaidai biashara. Anayezipunguza katika akaunti ya ugawaji amechanganya kupata na kuchukua.

Mwisho, kuna kosa ambalo hakuna kipimo kati ya hivi kinachoweza kulikamata: kusoma sharti vibaya. Katika mfano wetu mkataba unasema riba ifuate muda ambao fedha zimekaa. Mkataba mwingine ungeweza kusema riba ikokotolewe kwa mtaji wa mwanzo wa mwaka. Hapo nyongeza ya Baraka ya Julai isingezaa chochote mwaka huo, riba yake ingekuwa 1,200,000, na masalio yangekuwa milioni 8 kamili. Fungu lingekuwa 1,333,333 kwa kila mbia, wote wangekubaliana, na jumla ingekuwa 18,000,000. Hesabu zote mbili zinapita kila kipimo, na linaloamua ni maneno ya mkataba peke yake. Kwa sababu hiyo mhasibu mzoefu huandika pembeni ya mstari wa riba namna alivyolisoma sharti: mtaji upi, asilimia ngapi, miezi mingapi. Siku mbia atakapouliza, watabishana juu ya sentensi moja ya mkataba, si juu ya karatasi nzima ya tarakimu.